Mkono ulioishia kifuani

Jana jioni nilitoka na binti mmoja kwa mara ya kwanza, hapa Lamu. Tulikaa karibu na gati, juisi ya ukwaju mkononi, mazungumzo matamu. Ila glasi ilipofika nusu, akili yangu ilishahamia kwenye kuagana. Nimeishi Nairobi miaka 6, na marafiki zangu kule kukumbatiana ni salamu tu. Hapa kila mtu anakujua, na punda nao nahisi wanapeleka habari.

Sikungoja maneno yaishe. Nilimwambia, "Magharibi inakaribia, nisikucheleweshe nyumbani." Mabega yake yakalegea. Kumbe naye alikuwa anatafuta pa kuanzia.

Tulipofika mdomo wa kichochoro chao nikasimama hatua mbili nyuma, nikamtazama mikono. Mmoja umeshika mkoba, wa pili mtandio, na miguu imeshaelekea ndani. Angetaka tupeane mkono, angeuacha mmoja huru. Kukumbatiana ndiyo usiseme, tena mzee mmoja yuko barazani anatukodolea macho. Lakini mkono wangu ulishaanza kunyanyuka wenyewe (mazoea haya!), nikaupeleka kifuani, nikainamisha kichwa.

"Nimefurahi sana leo. Ukipenda, wiki ijayo twende Shela na boti ya mchana."

Akacheka, akaweka kiganja kifuani. "Inshallah. Ufike salama."

Sikumsindikiza hadi mlangoni. Saa mbili usiku ujumbe ukaingia: "Ulidhani sikuuona ule mkono?"