Robo kwa robo: nilivyompunguzia bibi wa miaka 78 dawa za usingizi

Bibi aliletwa na bintiye baada ya kuanguka mara 2 ndani ya mwezi 1. Mara ya pili alianguka saa 9 usiku akielekea chooni, akajigonga mkono kwenye ukingo wa kitanda. Mimi ni daktari katika hospitali ndogo ya wilaya mkoani Tanga, na wazee wanaoanguka ninawaona kila wiki. Nilipomwamkia aliitika "Marahaba mwanangu" vizuri kabisa, lakini kabla sijamaliza swali la pili alikuwa ameshasinzia kwenye kiti.

Bintiye alisema mama anatumia "dawa za presha, za sukari na kidonge kimoja cha usingizi". Nikamwomba arudi siku inayofuata na kila dawa iliyomo ndani ya nyumba: za mezani, za chini ya mto, za kwenye pochi, hata zile za mjukuu. Alikuja na mfuko wa rambo umejaa. Nilimwaga vyote mezani tukaanza kuvitenga.

Diazepamu ya miligramu 5, vidonge 2 kila usiku, tangu alipofiwa na mumewe miaka 9 iliyopita. Amitriptilini ya miligramu 25 usiku, kwa ajili ya nyayo zinazowaka moto kwa sababu ya kisukari. Piritoni usiku kwa ajili ya kuwashwa, na ndani ya mfuko uleule dawa ya mafua ya kununua dukani ambayo nayo ina Piritoni ndani yake. Halafu kulikuwa na benzheksoli ya miligramu 5 kila asubuhi, na hiyo ndiyo iliyonishangaza. Miaka 3 nyuma alilazwa mahali fulani na nimonia, akachanganyikiwa, akaanzishiwa haloperidoli. Haloperidoli ikamkakamaza mwili, akaongezewa benzheksoli ya kulegeza. Haloperidoli ilishaachwa zamani, lakini benzheksoli iliendelea kuandikwa kila mwezi, kila anayeshika cheti akinakili cha mwenzake.

Diazepamu inalegeza misuli na kuupumbaza ubongo. Zile tatu nyingine, pamoja na kuleta usingizi, zinazuia asetilikolini, kemikali ambayo mwili huitumia kutoa mate, kusukuma choo, kukamua kibofu na kushika kumbukumbu. Ukikitazama kidonge kimoja kimoja, hakuna kinachotisha. Ila bibi alikuwa na mdomo mkavu hata muhogo haumezi bila maji, choo kila baada ya siku 5, mkojo wa kusubiri, macho yenye ukungu, na bintiye alishaanza kuamini kwamba mama amepatwa na ugonjwa wa kusahau.

Kabla ya kugusa dawa yoyote nilichukua vipimo vya kulinganishia baadaye. Nilimwambia ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi na kukaa. Alitumia sekunde 24, na kwa mzee kuzidi sekunde 12 tu ni dalili ya hatari ya kuanguka. Kwa kumbukumbu, maswali ya vitabuni hayamfai mtu ambaye hakusoma shule, kwa hiyo nilimwomba anihesabie miezi ya Kiislamu kutoka Ramadhani kurudi nyuma. Alisema Shaabani, Rajabu, akakwama hapo. Niliuliza pia kama amewahi kupata degedege au kifafa na kama anatumia pombe, maana mtu wa namna hiyo nisingethubutu kumpunguzia diazepamu akiwa nyumbani. Mapigo ya moyo yalikuwa 78 kwa dakika. Kwa kuwa Ramadhani ilikuwa imekaribia, na usingizi wa mwezi ule hukatwa na daku, tulikubaliana kuanza baada ya Idi. Hadi hapo hakuna kuacha chochote ghafla.

Nilianza na benzheksoli kwa sababu haikuwa na kazi tena. Nilikagua kwanza kama ana mtetemo au kukakamaa, nikakuta hana. Nusu kidonge kwa wiki 2, kisha basi. Dawa ya aina hii ikiondolewa haraka, asetilikolini iliyokuwa imezuiwa hurudi kwa kishindo: kichefuchefu, jasho, kuharisha, mate mengi. Bibi alipata kichefuchefu cha siku 3 na choo laini, vikapita. Baada ya wiki 2 nyingine tukaondoa Piritoni na ile dawa ya mafua. Kuwashwa kulitokana na ngozi kavu, na mafuta ya kujipaka mara tu baada ya kuoga yalitosha. Mwisho wa wiki ya 7 alikuwa anatafuna mkate bila kuusukumia na chai. Hilo lilinisaidia kuliko maneno yangu yote, maana sasa aliamini kwamba simnyang'anyi dawa, namtua mzigo.

Diazepamu ndiyo iliyotufunza, na hapo kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nimempa bintiye daftari la shule. Kila asubuhi aliandika saa alizolala mama, kama ametoka jasho, kama mikono inatetemeka, kama amepata choo, kama ameanguka au ameona vitu visivyokuwepo. Siku ya kupunguza dozi aliizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Bibi mwenyewe hasomi, kwa hiyo nilimchorea kalenda ya duara nzima, nusu na robo. Wazo hilo si langu. Kuna utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2014 ambapo wazee wenyewe walipewa maelezo na ratiba ya michoro kama hiyo. Baada ya miezi 6, asilimia 27 walikuwa wameacha kabisa dawa hizi za jamii ya diazepamu, dhidi ya asilimia 5 ya wale ambao hawakupewa.

Kutoka vidonge 2 nilimshusha hadi kimoja na nusu kwa wiki 3. Usingizi ulipungua kidogo, ukarudi. Kutoka kimoja na nusu hadi kimoja, wiki 3 nyingine, akalalamika lakini akavumilia. Nikaona tunakwenda vizuri, nikashusha nusu nyingine.

Siku ya 6 bintiye akapiga simu: "Daktari, mama ana malaria. Anatetemeka, jasho linamtoka, hajalala siku mbili, anasema mlio wa sufuria unampasua kichwa." Walikuwa wameshapanga kumnunulia dawa mseto. Nikawaambia wasimpe kitu, wamlete. Joto la mwili lilikuwa la kawaida, kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, sukari ilikuwa sawa, mapigo ya moyo 104. Nilimwambia anyooshe mikono mbele, nikaweka karatasi juu ya vidole vyake. Karatasi ilicheza.

Ilikuwa arosto. Bintiye alishtuka kulisikia neno hilo, kwa sababu mtaani ni la watumiaji wa unga, na ilinibidi nimweleze kwamba mama yake si teja. Mwili uliozoea kutulizwa kwa miaka 9 unapokosa kitulizo hupiga kelele, hata kama kila kidonge kiliandikwa na daktari.

Hesabu yangu ilikuwa mbovu. Nusu kidonge ikitoka kwenye vidonge 2 ni robo ya dozi. Nusu ileile ikitoka kwenye kidonge 1 ni nusu ya dozi yote. Macho yangu yaliona hatua zinazolingana, lakini mwili wake uliona ngazi inayozidi kuwa ndefu. Na kwa nini siku ya 6, si siku ya 2? Kwa sababu diazepamu hutoka mwilini polepole, na kwa mzee mabaki yake hukaa kwa siku nyingi, kwa hiyo utulivu wa siku za mwanzo usikudanganye.

Nilimrudisha kwenye kidonge kizima. Ndani ya siku 3 mikono ilitulia. Tukakaa hapo wiki 2, kisha nikaanza upya kwa hatua ndogo: usiku mmoja kidonge kizima, usiku unaofuata robo tatu. Baada ya wiki 2, robo tatu kila usiku. Kisha robo tatu na nusu kwa kupishana, kisha nusu, na kuendelea hivyo hadi robo usiku mmoja na usiku unaofuata bila kitu. Kupishanisha usiku kunawezekana kwa diazepamu kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu. Kwa alprazolamu au lorazepamu, dawa za jamii hiyohiyo ambazo hutoka haraka, usijaribu. Bintiye alikata vidonge kwa wembe mpya juu ya kisahani, akavipanga kwenye bahasha za dawa zenye mchoro wa kila usiku, na vilivyobaki akavifungia kabatini kwake. Ilichukua zaidi ya miezi 3. Kulikuwa na usiku mbaya, lakini mapigo hayakuzidi 90 tena. Nilikuwa nimewaambia kwamba akipata degedege, akiona watu wasiokuwepo au akichanganyikiwa, waje saa hiyohiyo. Hawakulazimika kuja.

Baada ya diazepamu nilisubiri miezi 2 kabla ya kugusa amitriptilini. Dawa moja kwa wakati mmoja. Ukivuta mbili hutajua ipi inayolia. Nusu kidonge kwa wiki 4, kisha basi. Siku 4 za kwanza baada ya kuacha aliota ndoto kali na kuhisi kichefuchefu, vikaisha. Kisha wiki ya 3 nyayo zikaanza kuwaka.

Hapo daftari ndilo lililoamua. Arosto ilikuja siku chache baada ya duara jekundu, ikaleta mambo ambayo bibi hakuwahi kuwa nayo, na ilielekea kupungua yenyewe. Huu moto wa nyayo ulianza polepole, wiki kadhaa baada ya duara, ulikuwa maumivu yaleyale ya zamani mahali palepale, na kila usiku uliongezeka badala ya kupungua. Hakukuwa na jasho wala mtetemo. Ugonjwa ulikuwa umerudi, na kuvumilia kusingeuponya.

Nilimrudishia nusu kidonge cha amitriptilini. Wenzangu wawili waliona nimeshindwa mwishoni. Sikubaliani nao. Maumivu yake ni ya kweli, nusu ile inayatuliza, na sasa iko peke yake bila wenzake watatu. Kama mkojo ungegoma tena au angeanza kuyumba, ningetafuta njia nyingine.

Mara ya mwisho alikuja wiki 1 kabla ya Ramadhani nyingine. Mita 3 za kwenda na kurudi alizitembea kwa sekunde 15, na tangu siku ya ile simu hajaanguka. Nilimwomba anihesabie miezi. Shaabani, Rajabu, Mfunguo Tisa, Mfunguo Nane, akaendelea mpaka Mfunguo Mosi, kisha akaniuliza kama nataka na ya Kizungu. Nimempangia arudi baada ya miezi 3, na daftari aje nalo.