Kamasi inayopanda mlima

Mwaka 2018 pua yangu iliziba mwezi wa tano, na mwezi wa tisa ulipoingia ilikuwa ingali imeziba. Homa sikuwa nayo. Nilikuwa na uzito tu mashavuni na katikati ya macho, uliozidi kila nilipoinama kwenye cherehani. Usiku kamasi ilinishukia kooni, na alfajiri nilikohoa hadi nikawaamsha watoto. Kisha kunusa nako kukapotea. Siku moja pasi ya makala iliunguza kitenge cha mteja, na aliyegundua ni binti ninayemfundisha kushona, tena akiwa nje barazani. Mimi niliyeishika pasi sikusikia harufu yoyote.

Pale Goma dawa ya kwanza ya pua ni farmasi ya jirani. Nilipewa amoksisilini, nikapata nafuu kidogo, hali ikarudi. Nikapewa tena, ikarudi tena. Yaya wangu ndiye aliyenivuta mkono hadi kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Daktari alianza kwa maswali. Imeziba upande mmoja au pande zote mbili? Kamasi inanuka, au ina damu? Jicho limewahi kuvimba? Nina pumu? Akanigongagonga magego ya juu, kwani jino bovu linaweza kuchafua uwazi ulio juu yake, na mara nyingi huo huwa ugonjwa wa upande mmoja wenye harufu mbaya. Kwangu ilikuwa pande zote mbili, bila damu wala harufu. Kisha akapitisha puani mrija mwembamba wenye taa. Macho yalinitoka machozi, lakini hakukuwa na maumivu.

“Mama, usaha sioni,” akasema. “Naona ngozi ya ndani imevimba. Ugonjwa huu ukipita majuma 12 tunauita sinizite sugu.”

“Sasa dokta, kama si mikrobe, kwa nini haukauki?”

Akachukua karatasi ya nyuma ya kalenda, akachora shavu. Nyuma ya kila shavu kuna uwazi ndani ya mfupa, umetandikwa ngozi laini yenye unyevu. Ngozi hiyo hutengeneza kamasi mchana kutwa, na juu yake kuna vinywele visivyoonekana kwa macho vinavyoisukuma kuelekea tundu la kutokea. Nilidhani tundu liko chini. Akaliweka juu, karibu na jicho, upande wa pua. Kwa hiyo kamasi lazima ipandishwe: vinywele hupokezana kama watu wanaopandisha bidoni za maji kutoka ziwani mkono kwa mkono. Akaniambia hata mpasuaji akitoboa tundu jingine chini, vinywele vitaendelea kuipeleka kamasi kwenye lile la asili. Jambo hilo lilinishangaza kuliko yote.

Tundu lenyewe ni dogo. Ngozi ikivimba kidogo tu, linajiziba. Hewa haiingii, vinywele vinalegea, kamasi inakuwa nzito na kubaki palepale, mikrobe zinastawi ndani yake, na ngozi inajibu kwa kuvimba zaidi. Amoksisilini ilikuwa inapunguza mikrobe, lakini uvimbe uliofunga tundu ulibaki. Moshi wa makala na vumbi letu jeusi la mawe ya volkano havikuanzisha lazima, alisema, ila vinachokoza ngozi na kuchosha vinywele kila siku.

Akaniandikia mambo mawili. La kwanza, kuosha pua asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye mililita 250. Maji yachemke kabisa kisha yapoe hadi uvuguvugu, kwa maana haya ya bidoni hayafai kuingizwa puani mabichi. Nainama juu ya beseni, nafungua mdomo, nasukuma kwa sirinji isiyo na sindano, na maji yanatokea tundu la pili. La pili, dawa ya kupuliza ya mometazoni baada ya kuosha. Alinirekebisha mkono: wa kulia kwa pua ya kushoto, ncha ielekee sikioni, isigonge ukuta wa kati, maana hapo huleta damu, na nisivute kwa nguvu, dawa isije ikaishia kooni. Yale matone ya kufungua pua haraka alinikataza kuyazoea. Yakitumiwa zaidi ya juma moja hivi, pua huziba yenyewe kila yanapoisha nguvu.

“Usinihukumu kabla ya majuma sita,” akacheka. “Dawa hii inatuliza uvimbe polepole. Na haimalizi ugonjwa, inaushika.”

Kamasi ya kooni ndiyo iliyopungua kwanza, halafu uzito wa mashavu. Harufu ilichelewa mno. Nilianza kusikia ya sambaza wakikaangwa, ya sabuni ikafuata baadaye sana. Jiko la makala tulilihamishia uani. Kila kiangazi, vumbi likianza kupanda barabarani, mashavu hunijaa tena, nami narudi kwenye chumvi na sirinji kabla sijaenda farmasi.