Siku moja na trei za udongo, Amani

Saa 12:30 asubuhi

Ukungu wa msitu wa Amani haujanyanyuka na tayari nina kopo la kumwagilia mkononi. Kazi yangu hapa Muheza ni kuhesabu mbegu zilizolala ardhini, na sizihesabu kwa macho. Nazipa maji, joto na mwanga, halafu nasubiri zijitaje zenyewe kwa kuota.

Trei zimepangwa juu ya meza ndani ya banda lililozungushiwa wavu mwembamba. Kila moja ina mchanga uliochomwa, na juu yake udongo wa porini kwa unene wa nusu sentimita tu. Ukiuzidisha, mbegu za chini hazipati mwanga na hazioti, nawe utaandika kwamba hazipo. Miti mingi inayowahi uwazi, kama mpesi, hungoja mwanga mkali. Chini ya majani ya msitu mwanga unaofika umeshachujwa, na mbegu hiyo hutambua kwamba juu kumefungwa, ikaendelea kulala. Mti ukianguka, au mtu akifyeka, inaamka.

Kati ya trei hizo zipo zenye mchanga mtupu. Mgeni akizikuta huuliza kwa nini tunamwagilia mchanga. Ndizo ninazozitazama kwanza kila asubuhi, maana chochote kinachoota humo kimeletwa na upepo, ndege au maji yetu, wala hakikutoka kwenye udongo wa utafiti.

Saa 2

Mzee wa kitalu amefika. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu, wako wangapi leo?" Anaita miche "wao", kama wanafunzi wa darasa.

Leo tunahesabu trei za shamba lililoachwa, lililokuwa la mihogo kabla ya wenyewe kuhamia bondeni. Mche ukishajulikana tunauandika na kuung'oa, ili usihesabiwe tena wala kuwafunika wenzake. Usiojulikana tunauhamishia kwenye kiriba ukue. Mche wa mkekundu haumsumbui babu: anavunja jani, utomvu wa rangi ya machungwa unatoka, basi. Mpesi una majani ya kukwaruza yenye meno pembeni. Kinachotutesa ni klidemia, kichaka cha kigeni chenye vinywele na mishipa mirefu iliyopinda kutoka kitakoni mwa jani hadi nchani. Mche wake mchanga ni kama nukta ya kijani, nao ni mingi.

Saa 4

Hesabu. Kibomba chetu cha kuchukulia udongo kina kipenyo cha sentimita 5, kwa hiyo kila tobo linawakilisha sentimita 19.6 za mraba. Kwenye kiwanja kimoja tunatoboa mara 10, kina cha sentimita 5, tunachanganya. Inatoka lita moja hivi ya udongo, tunaigawa kwenye trei mbili, lakini eneo lote tulilolipima ni mita za mraba 0.0196. Hapo hesabu inaanza kutisha: kila mche mmoja ninaouona unasimama badala ya mbegu 51 kwa mita ya mraba. Nikipitiwa na mche mmoja, nimepoteza mbegu 51.

Kiwanja cha leo kimetoa miche 27 tangu trei zilipowekwa. Minne ni kishona nguo, na trei za mchanga mtupu, zenye eneo lilelile, nazo zimeotesha idadi hiyohiyo ya kishona nguo, kwa hiyo naiondoa. Inabaki 23. Nagawa kwa 0.0196, napata karibu mbegu 1,170 kwa mita ya mraba.

Ukiishia hapo, shamba linaonekana tajiri. Lakini katika hiyo 23, klidemia ni 14, nyasi na magugu ya shambani 6, mpesi 2, mkekundu 1. Miti yote ni mitatu, yaani kama mbegu 150 kwa mita ya mraba. Na kwa kuwa nimeona mitatu tu, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 30 na 450, hata kama mbegu zimetawanyika ovyo. Nazo hazitawanyiki ovyo: hujazana chini ya tawi ndege walikokaa. Ndiyo maana matobo mengi madogo ni bora kuliko shimo moja kubwa, hata kama udongo ni uleule kwa uzito.

Saa 6 mchana

Ugali na mboga, haraka. Binti wa mafunzo anauliza miti imekwenda wapi, wakati msitu uko mita mia mbili tu. Namwambia ni jembe. Ukifyeka mara moja, mbegu za mpesi zinaota, zinakuwa miti, zinazaa. Ukilima kila msimu, unazipandisha juu, zinaota, unazipalilia kabla hazijazaa. Kila palizi inapunguza akiba na hakuna anayeirudishia, wakati magugu yanayozaa kwa wiki chache yanaijaza. Mashamba mawili yanaweza kuachwa siku moja na kufuata njia tofauti kabisa, kutegemea yamepaliliwa miaka mingapi.

Saa 8

Trei za zamani zimeacha kuotesha. Tumeshazivuruga udongo, zikatoa miche michache zaidi, zikanyamaza tena. Kunyamaza si kuisha. Naosha udongo kwenye chujio la nusu milimita, kinachobaki nakitandaza chini ya lenzi na kukibana kwa koleo ndogo. Mbegu tupu hupasuka bila ubishi. Ngumu naikata: ikiwa na nyama nyeupe, imara, ilikuwa hai na imekataa kuota. Mbegu za jamii ya kunde hufanya hivyo sana kwa sababu ya ganda lisilopitisha maji. Kwa hiyo takwimu ya trei ni kiwango cha chini, na naiandika hivyo hata pale inapomkera mtu anayetaka namba moja safi.

Saa 10 jioni

Mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kijiji kapanda na pikipiki kuuliza: wapande miti pale au waache? Anataka pia kujua kuhusu lilipokuwa tanuri la mkaa, pembeni ya shamba.

La tanuri ni rahisi. Moto wa nyasi hupita na kuacha mbegu nyingi hai sentimita chache chini, ila tanuri hukaa siku kadhaa na kupika udongo. Trei za katikati yake ni tupu. Pale kitakachoota kitaletwa na ndege na upepo, kwa hiyo apande.

Shambani namwambia asipande mpesi, hata kwa makisio ya chini ipo ya kutosha, ila klidemia ing'olewe kabla haijazaa, la sivyo itaifunika. Akauliza kuhusu mtambara, mti wa babu zake. Huo hauko kwenye trei yoyote, hata za udongo wa msitu mzima. Mbegu yake ni kubwa, ina maji na mafuta, ikikauka imekufa, haiwezi kulala ardhini. Ukitaka mtambara, unaokota mbegu mbichi chini ya mti mama, unaotesha kitaluni na kuuhamishia kivulini mpesi ukishafunga juu.

"Basi nitawaleta vijana waokote," anasema. Nikamwomba waje na mifuko yenye majani mabichi, wasizianike juani, na wazilete siku hiyohiyo.