Risasi zangu zilikuwa zikienda chini kushoto

Natumia mkono wa kulia, na nilipoanza kujifunza bastola matundu yangu yote yalikaa upande mmoja wa karatasi: chini, kushoto. Nililaumu vilengeo. Mkufunzi akaichukua Glock 17 ileile, akapiga katikati, mjadala ukaisha.

Kisha akanijazia magazini yeye mwenyewe, akichanganya risasi za kweli na za bandia zisizo na baruti, nisijue ipi inafuata. Nilipofika kwenye ya bandia bastola haikulia, ila mdomo wake uliinama nikiuona kwa macho yangu.

"Umeona, dada? Unapigana na teke ambalo halijaja."

Mdomo wa bastola huanza kupanda kwa nguvu wakati risasi imeshatoka, kwa hiyo teke, yaani ule msukumo wa bastola kurudi nyuma, huchelewesha risasi inayofuata kuliko kuiharibu hii. Kinachoharibu ni mwili kujihami mapema: vidole vinakaza, kiganja kinasukuma chini, macho yanafumba. Kwenye bastola ile vilengeo viwili vimeachana kama sentimita 16 na nusu. Cha mbele kikishuka milimita 1 tu, kwenye karatasi iliyo mita 10 risasi inakosea kwa sentimita 6 hivi.

Dawa ilianzia kwenye mshiko. Nilikuwa nashika mpini chini mno. Alinipandisha mpaka nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ikabana karibu kabisa chini ya slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola inapolia, kwa sababu mkono ukiwa karibu na mtutu, teke linakosa wenzo wa kuunyanyua mdomo. Kiganja cha kushoto kikajaza nafasi iliyobaki ubavuni, magumba yote mawili yakielekea mbele upande wa kushoto. Kamwe gumba lisipite nyuma ya slaidi, inaporudi hukata. Mkono wa kushoto ndio ubane zaidi, ili wa kulia ubaki mlegevu kidogo na kidole kivute kifyatulio bila kuburuta bastola nzima.

Miguu haikunisumbua sana: upana wa mabega, wa kulia nyuma kidogo, magoti yasikakamae. Kosa lililonitesa ni kuegemea nyuma, jambo ambalo wanaoanza karibu wote hulifanya wakiukwepa mlio. Mabega yakitangulia nyonga, teke linakutana na uzito wa mwili.

Mshtuko wenyewe ulipungua kwa mazoezi makavu nyumbani: bastola nimeikagua mara mbili kuwa tupu, risasi ziko chumba kingine, navuta kifyatulio polepole huku nikitazama kilengeo cha mbele kisitikisike. Uwanjani nilivaa vizibo vya masikio ndani ya vikinga sauti vya juu, maana nusu ya woga wangu ulikuwa wa kelele. Nikichoka, matundu huanza tena kuteremkia kushoto. Hapo naomba risasi za bandia zichanganywe, au nafungasha.