Nilivyopandisha bei kwa mteja wa zamani

Nilikuwa nalipwa kwa saa kuhariri ripoti ya kila mwezi. Nilipoizoea kazi, saa zilishuka kutoka 10 hadi 6, na malipo yakapungua kwa asilimia 40 ilhali ripoti ni ileile. Nikaomba nyongeza kwa kila saa. Mteja akaanza kuhoji hata dakika.

Kilichofaa ni bei moja kwa ripoti nzima, sawa na zile saa 10 za mwanzo. Nilimwandikia mapema: ripoti iliyo mkononi inabaki na bei ya zamani, bei mpya inaanza na ripoti ijayo. Kilichookoa mpango ni sentensi hii: "Bei inajumuisha masahihisho ya awamu mbili, ya tatu hulipiwa kwa saa." Bila hiyo, marekebisho yangemeza nyongeza yote. Akakubali. Kazi isiyo na mipaka bado naitoza kwa saa.