Mkono wangu unatetemeka nikishika kitu, wa baba mdogo unatetemeka ukiwa umekaa tu

Kwenye ukoo wetu tuko wawili tunaotetemeka mikono, mimi na baba mdogo, na kwa muda mrefu watu walituweka fungu moja, eti ni ya kurithi ila yeye imemzidi kwa sababu ya umri. Ukichukulia kwamba bibi, yaani mama yake, naye alikuwa anatetemeka mikono na kichwa kinacheza kushoto kulia, maneno yao yalikuwa yanaingia akilini kabisa. Sasa hivi mimi nina esenshal trema, yaani trema au kutetemeka kunakokuja mkono ukipewa kazi, yeye ana Pakinsoni, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kasi ya mwili, na dawa zetu hazifanani hata kidogo. Kilichotutenganisha sio mashine, ni kuangalia mkono unatetemeka wakati gani halafu kuna nini kingine pembeni.

Nianze na mimi. Mikono yangu nikiilaza mapajani imetulia tuli, huwezi kujua nina kitu. Shida inaanza nikiipa kazi. Kijiko cha supu kikiwa kwenye bakuli hakuna neno, ila kikianza kukaribia mdomo ndo kinacheza, na kinavyozidi kukaribia ndo kinazidi kucheza mpaka nusu ya supu inarudi ilikotoka. Kusaini mbele ya mtu ndo usiseme, herufi zinatoka kubwa kubwa zina mawimbi. Ni mikono yote miwili, wa kulia umezidi kidogo, na nikiwa na wasiwasi au nimekunywa kahawa nyingi inapanda.

Daktari wa neva alinikalisha, mikono mapajani, akaniambia nihesabu kwa kurudi nyuma kutoka 100 nikitoa 7 kila mara. Nikadhani ananipima akili, kumbe anataka akili iende kwenye hesabu nisahau mkono, maana trema ya Pakinsoni hujitokeza vizuri hapo, mkono umeachiwa na mtu anawaza kingine. Wangu ukatulia. Akasema ninyooshe mikono mbele, ukaanza palepale, hata sekunde haikupita. Kisha nikagusa pua yangu na kidole chake kwa zamu, nikamimina maji kikombe hadi kikombe (nikamwaga), nikachora duara la konokono, likatoka na meno meno. Akauliza kama kuna dawa natumia, kwa sababu zile za kufungua kifua kama salbutamoli na za kifafa kama valproeti zinaweza kutetemesha hivi hivi, akaandika na kipimo cha damu cha tezi ya shingo kwa sababu tezi ikifanya kazi kupita kiasi nayo inaleta hiyo hiyo. Aliniuliza pia kama pombe kidogo inatuliza mikono. Kwa wengi wenye hali yangu inatuliza kwa muda mfupi, halafu ikiisha mwilini trema inarudi na nguvu zaidi, kwa hiyo aliuliza kama dalili tu, hakuipa kama tiba.

Sasa baba mdogo, na hapa ndo penye utamu wenyewe. Yeye ni mkono wa kushoto peke yake. Akikaa anaangalia televisheni, kidole gumba kinasugua kidole cha shahada taratibu kama anaviringisha kidonge, akinyoosha mkono kuchukua glasi unatulia na anakunywa bila kumwaga tone. Kama ingeishia hapo kila mtu angeona tofauti. Lakini akishika simu kusoma ujumbe, mkono unatetemeka, na akishika gazeti hivyo hivyo, ndo watu wakawa wanasema si unaona, ni ile ile ya huyu kijana, inakuja akishika kitu!

Daktari akamwambia, "Mzee, nyoosha mikono yote miwili mbele, usiishushe mpaka nikwambie." Mkono ukawa umetulia. Mimi nikawa tayari nasema moyoni ameshindwa kuuona, ila yeye akanyamaza tu anasubiri, na baada ya kama sekunde kumi hivi ukaanza, polepole, mdundo ule ule wa mapajani. Akatueleza kwamba hiyo ni trema ile ile ya mkono uliopumzika, ukiuhamisha inazimika kidogo, mkono ukishazoea mkao mpya inarudi. Ya kwangu haisubiri. Kwa hiyo mkimrekodi mgonjwa wenu video ya simu kumpelekea daktari, msikate mapema, mwacheni ashike mkono juu angalau nusu dakika, na mrekodi pia akiwa amekaa hafanyi kitu na akiwa anatembea.

Kutembea kwenyewe kulisema mengi. Mkono wa kulia unapunga kawaida, wa kushoto umening'inia tu haupungi, na hapo hapo ukaanza kutetemeka. Akaambiwa agonge kidole gumba na cha shahada haraka haraka akifungua kwa upana, mara za kwanza alifungua vizuri kisha ikapungua ikapungua mpaka vidole vikawa karibu havifunguki. Kiwiko kikikunjwa na daktari kilikuwa kigumu kinakwama-kwama. Mwandiko wake nao ni kinyume cha wangu, sentensi inaanza vizuri halafu herufi zinasinyaa kuelekea mwisho wa mstari.

Akauliza mambo ambayo sisi tusingeyahusisha na mkono asilani. Harufu? Mzee miaka mingi hasikii harufu, hata kitu kikiungua jikoni. Choo? Kigumu muda mrefu. Usingizi? Hapo mama mdogo akadakia, "Daktari, huyu usiku anapiga kelele na mateke, mimi nilishahamia kitanda kingine." Na bega la kushoto lilishatibiwa kama maumivu ya kawaida kabla mkono haujaanza kucheza, kumbe ni ule ugumu. Akamuuliza pia dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi na za akili kama haloperidoli, maana hizo zinaweza kumfanya mtu aonekane ana Pakinsoni. Hakuwa anatumia.

Daktari alisisitiza kwamba kutetemeka peke yake hakumpi mtu jina la Pakinsoni, lazima kwanza mwendo wa mwili uwe umepungua kasi, kisha kuwe na ugumu wa viungo au trema ya kupumzika. Na wapo wenye Pakinsoni wasiotetemeka kabisa, ambao nadhani ndo wanachelewa zaidi kujulikana.

Mimi nilipewa propranololi, dozi ndogo inapandishwa polepole huku mapigo ya moyo yanaangaliwa, na kabla ya yote niliulizwa kama nina pumu kwa sababu inaweza kubana kifua. Imepunguza, haijamaliza. Bado nashika kikombe kwa mikono miwili na hakijazwi. Baba mdogo yuko kwenye levodopa, ule uzito wa mwili ulianza kuachia, anafunga vifungo mwenyewe, mkono wa kushoto umerudi kupunga kiasi, ila kutetemeka ndo kumekuwa kubishi kuliko vyote na daktari alishatuonya kwamba kunaweza kuwa hivyo.

Mstari kati ya hizi mbili haujanyooka kila mahali. Mwenye esenshal trema ya miaka mingi anaweza kuja kutetemeka hata akipumzika, na kuna watu wana zote mbili. Kwa hiyo sijaachiwa moja kwa moja. Nikiona mkono unacheza wenyewe mapajani, au upande mmoja umekuwa mzito kufunga vifungo, au naambiwa mkono mmoja haupungi nikitembea, nirudi bila kusubiri tarehe ya kliniki.