Nilivyomshawishi mteja wa kiyoyozi akubali sevisi za kupangwa

Mimi ni fundi wa viyoyozi, Dar es Salaam. Kazi yetu ina jina baya, na sababu yake inajulikana: fundi anaitwa kwa sababu chumba hakipoi, anagusa bomba, anatikisa kichwa, anasema, "Bosi, gesi imeisha." Mteja analipa. Baada ya miezi michache, gesi "imeisha" tena. Ukweli ni kwamba gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake inavuja mahali, mara nyingi kwenye viungo vya bomba la shaba au kwenye mabomba ya kipande cha nje, yale yanayopita katikati ya vibati vyembamba tunavyoita mapezi, yakiliwa na chumvi ya pwani. Watu wengi wameshalipia hadithi hiyo, kwa hiyo fundi yeyote anayefungua mdomo kutaja huduma ya ziada anasikilizwa kwa sikio moja.

Nina mteja mwenye duka la dawa Tabata, mama wa makamo. Kiyoyozi chake ni cha BTU 18,000, cha kawaida, si inveta. Kipande cha nje kimetundikwa upande wa barabara ya vumbi. Alikuwa ananiita joto likimzidi tu, na kila mara tatizo lilikuwa lile lile: uchafu. Nilitaka aingie kwenye utaratibu wa sevisi za kupangwa, kila baada ya miezi mitatu. Kwangu ni kipato cha uhakika, sitaficha hilo. Kwake pia kulikuwa na faida, lakini ilibidi aione mwenyewe.

Jambo la kwanza nililoamua ni kutomwambia siku ya hitilafu. Aliniita Februari, saa nane mchana, duka limejaa na dawa zinapata moto. Mtu aliye katika hali hiyo hana nguvu ya kukataa. Ukimwekea mkataba mezani atakubali, halafu jioni akikaa na hesabu zake ataona umemkamua. Nilifanya kilichoniita, nikapokea hela yangu, nikaondoka.

Ila kabla ya kuosha nilipima. Nilibana waya wa kipande cha nje kwa mita, nikamwita aje asome mwenyewe umeme ambao mashine inavuta: ampea 9.4. Nikaosha mapezi ya nje na ya ndani, nikazibua bomba la maji, nikaacha mashine itembee kama robo saa, nikapima tena akiwa amesimama pale pale: 7.9. Nikaandika namba zote mbili na tarehe kwenye kadi ndogo, nikaibandika ubavuni mwa kipande cha ndani. Kuhusu sevisi za kupangwa sikusema neno. Kadi ile ilibaki dukani, na yeye ndiye aliyekuwa akiipita kila siku.

Hapa niseme kitu kwa mafundi wenzangu. Msitumie ubaridi wa hewa peke yake kama ushahidi. Chujio na mapezi ya ndani yakiziba, hewa inatoka kidogo lakini inaweza kuwa baridi zaidi, hata barafu ikaganda, na mteja akiona kipimajoto anadhani mashine ni nzima. Ampea ndizo zinazoonesha uchafu wa nje, kwa sababu joto likishindwa kutoka, shinikizo linapanda na kompresa inafanya kazi ya punda. Gesi nayo nilipima kwa geji mbele yake. Ilikuwa sawa, nikamwambia iko sawa. Sentensi hiyo fupi ilinijengea jina kuliko maelezo yote yaliyofuata.

Nilisubiri hadi Juni, hali ya hewa ikiwa imepoa na hakuna anayehangaika na joto. Nikamwandikia ujumbe wa WhatsApp:

"Shikamoo mama. Februari tulipoosha, mashine ilishuka kutoka ampea 9.4 hadi 7.9. Barabara yako ina vumbi, uchafu utarudi. Naweza kuja kila miezi mitatu kwa 35,000 badala ya 40,000 ya kuitwa ghafla. Ukiona si lazima, osha chujio mwenyewe kila wiki mbili, nitakuja kukuonesha bure, na utaniita ikishindikana. Hakuna haraka."

Alijibu, "Marahaba fundi. Ngoja nione." Nikanyamaza. Mteja akisema "ngoja nione" na wewe ukampigia kesho yake, umeshageuka mdai. Sheria yangu ni kwamba silirudii jambo mpaka kuwe na kipimo kipya cha kuonesha. Nikipita mtaani kwake namsalimia tu, wala sitaji mashine.

Nilienda kumfundisha kuosha chujio kama nilivyoahidi. Mafundi wengine wananicheka, wanasema nafundisha watu kuninyima kazi. Lakini chujio si kazi ya fundi: unafungua mfuniko, unavuta, unasuuza kwa maji, unakausha kivulini. Kumtoza mtu kwa hilo ndiyo ujanja wenyewe. Siku hiyo ndiyo aliyouliza, "Hivi hizo ampea kwangu mimi ni shilingi ngapi?"

Tukakaa na kalamu. Tofauti ya ampea moja na nusu kwenye umeme wa volti 230 ni karibu theluthi ya uniti kwa saa. Kompresa yake inafanya kazi kama saa nane kwa siku, kwa hiyo ni uniti mbili na nusu na ushee. Kwa bei yake ya LUKU, kama shilingi 350 kwa uniti, inakaribia 900 kwa siku. Alitaka kuzidisha kwa mwaka, nikamzuia. Namba ile ni ya siku mashine ilipokuwa chafu kabisa, na uchafu hupanda polepole. Nilimwambia aichukulie nusu yake. Hata kwa nusu, ndani ya miezi mitatu inafika au inapita bei ya sevisi moja, na hapo bado hatujagusa uhai wa kompresa.

Lakini umeme sicho kilichomgusa. Alitoa daftari lake la joto, lile analoandika asubuhi na jioni kwa sababu dawa nyingi kwenye boksi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Tukafungua kurasa za Januari na Februari. Jioni kadhaa zilikuwa 31, moja 32. Baada ya kuosha, 26 na 27. Aliangalia muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akauliza kama anunue mashine kubwa zaidi, ya BTU 24,000.

Ningepata faida nono hapo. Nikamwambia hapana: mashine yake inatosha chumba kile, ila mlango unakaa wazi kutwa na kioo cha mbele kinapigwa na jua la magharibi. Pazia nene na mkono wa kufunga mlango vingemgharimu kidogo sana.

Mwishowe hakuchukua kila miezi mitatu. Alichagua mara mbili kwa mwaka, Novemba kabla ya joto kali, na Juni baada ya mvua za masika. Sikubishana, kwa kuwa sasa chujio anaosha mwenyewe. Tukaandika karatasi moja: sevisi ni kuosha ndani na nje, kuzibua bomba la maji, kupima ampea na kuangalia gesi. Vipuri, na gesi endapo kutakuwa na mvujo, havimo. Vina bei yake, na sifanyi kabla hajauona mvujo kwa macho yake kwenye povu la sabuni. Analipa baada ya kila sevisi, si kwa mkupuo, na anaweza kuacha wakati wowote kwa ujumbe mmoja.